Tafuta washa kwanza, koki baadaye: mwongozo kamili wa kuchagua koki na vifaa vya choo

Simu ninayopigiwa mara nyingi kuliko zote ni hii: "Fundi, ile koki niliyonunua juzijuzi imeanza kudondosha." Naenda, nafungua kichwa chake, natoa kifaa cha ndani, kisha nashika njia kwenda soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, kutafuta kingine cha kufanana nacho. Duka la kwanza hawana, la tano hawana. Jioni narudi kwa mteja kumwambia kwamba koki nzima inabidi ing'olewe, kwa sababu ya kipande kidogo kisichouzwa hapa mjini.

Kosa hilo hufanyika siku ya kununua, wala si siku ya kufunga. Ndiyo maana mwongozo huu unahusu uchaguzi zaidi kuliko ufungaji. Nimeuandika kwa nyumba za kawaida za kwetu, Mbeya, Iringa, Njombe, Mafinga na Tukuyu: mabomba ya nusu inchi, maji ya mamlaka yanayokuja na kukatika, na simtanki juu ya mnara. Nitapita na nyumba moja ya Uyole mwanzo hadi mwisho. Mama mwenye nyumba aliniita baada ya kubadilisha koki zilezile mara ya tatu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kwenda dukani

- Ndoo ya lita 20 na saa ya simu.
- Kitambaa cheupe na mpira wa kufungia.
- Sumaku ndogo. Hata ile ya spika iliyokufa inatosha.
- Msumari na rula yenye milimita.
- Vifaa vya zamani vilivyotoka kwenye koki au tanki la choo lako, hata kama vimeoza.
- Daftari au picha za simu za kila sehemu inayotoa maji.

Vifaa vya zamani ndivyo vitu vya thamani kuliko vyote katika orodha hii. Ukimwelezea muuzaji kwa maneno, atakupa anachotaka kuuza. Ukimwekea kifaa chenyewe mezani, atatafuta kinachofanana nacho.

## Hatua ya 1: Yajue maji yako, sehemu kwa sehemu

Watu wengi hununua koki za aina moja nyumba nzima, na hapo ndipo mambo huanza kuharibika. Ndani ya nyumba moja unaweza kuwa na maji ya aina mbili: yale yanayotoka moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka na yale yanayoshuka kutoka kwenye simtanki.

Presha ya tanki ni rahisi kuikadiria. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa baa 1 hivi. Mnara wa mita 3 ukiwa na koki ya bafuni iliyo mita 1 kutoka chini, kimo kinachobaki ni mita 2, yaani baa 0.2 tu. Bomba la mamlaka, hasa kwenye nyumba iliyo chini ya mteremko, linaweza kuwa na presha mara kumi ya hiyo au zaidi. Miji yetu imekaa kwenye vilima, kwa hiyo jirani wa juu na jirani wa chini wanaweza kuwa kwenye bomba moja na bado presha zao zikatofautiana sana.

Fungua koki mpaka mwisho, kinga ndoo, hesabu muda. Kule Uyole koki ya nje, iliyo kwenye bomba la mamlaka, ilijaza lita 20 kwa dakika 1 na sekunde 10. Koki ya bafuni, inayotumia tanki, ilichukua dakika 4.

Kisha subiri siku maji yatakaporudi baada ya kukatika. Funga kile kitambaa cheupe kwenye mdomo wa koki ya nje, acha maji yapite dakika 5, halafu kikague. Ukiona chembe za mchanga au vipande vya kutu, andika. Mwezi wa kumi na mbili, mvua zikishakolea, fanya hivyo tena, maana maji ya kiangazi hayakwambii habari za masika.

Ukifanikiwa: kila koki na kila choo vina mistari mitatu kwenye daftari lako: maji yanatoka wapi, ndoo ilijaa kwa muda gani, na kama kuna mchanga.

## Hatua ya 2: Chagua namna ya kufunga maji

Usitazame umbo la nje kwanza. Uliza: ndani kuna nini kinachoyazuia maji? Kwa nyumba zetu majibu ni matatu.

Koki ya washa. Unaizungusha mara kadhaa kabla haijafunga. Ndani kuna spindo, yaani kijiti cha chuma kinachozungushwa na mpini, inayoshuka na kukandamiza kipande cha mpira cha duara, yaani washa, juu ya mdomo wa shaba tunaouita kiti. Washa ndiyo inayochakaa, nayo hubadilishwa kwa dakika kumi. Njia ya maji ndani yake ni pana, kwa hiyo presha ndogo ya tanki haiisumbui sana. Chembe ya mchanga ikinasa kwenye washa, mara nyingi ukifungua tena kwa nguvu inasombwa na maji.

Udhaifu wake ni mikono ya watu. Ikianza kudondosha kidogo, watu huikaza kwa nguvu, washa inakatwa na kiti, halafu kiti chenyewe kinachimbika. Ukibadilisha washa na koki ikaendelea kudondosha, mulika ndani kwa tochi ya simu na upitishe kidole juu ya kiti. Ukisikia mkwaruzo, kiti kinahitaji kusagwa kwa kifaa chake. Ukiweka washa nyingine bila kukisaga, nayo itakatwa vilevile.

Koki ya vigae, ile inayofunguka kwa kuzungushwa robo tu. Ndani kuna visahani viwili vigumu vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine. Matundu yake yakikutana, maji yanapita. Yakiachana, maji yanafungwa. Ni laini mkononi, watoto na wazee huifungua bila shida, na kwa maji safi hudumu miaka. Lakini mchanga ukiingia kati ya visahani hukwaruza uso wake, na hapo hakuna washa ya kubadilisha: unabadilisha katriji nzima, yaani kile kifaa chote chenye visahani. Tena matundu ya katriji nyingi ni madogo, hivyo kwa presha ya baa 0.2 maji hutoka kama uzi.

Boli valvu, yenye mpini wa chuma. Ndani kuna mpira wa chuma wenye tundu katikati, umekaliwa pande zote mbili na pete za tefloni. Ni nzuri sana kufungia maji ya nyumba nzima au ya tanki. Pete zake haziuzwi peke yake, kwa hiyo ikivuja unaitupa. Isifunguliwe nusu na kuachwa hivyo kila siku, maana maji yanayopita kwa kasi pembeni hula zile pete. Ama ifunguliwe yote, ama ifungwe yote.

Kwa nyumba ya Uyole tuliamua hivi. Koki mbili za nje, zenye presha kubwa na mchanga: washa. Bafuni, kwenye presha ya tanki: washa, kwa sababu ya njia pana. Jikoni, ambako mama alitaka kufungua kwa kiwiko akiwa na unga mikononi: vigae, lakini kwenye maji ya tanki ambamo mchanga umeshatulia chini, na tukachagua kichwa chenye tundu pana. Kabla ya hapo alikuwa amefunga vigae kila mahali, pamoja na nje, na zile za nje ndizo zilizokuwa zikifa kila baada ya mvua.

Tahadhari kuhusu miksa. Kama nyumba yako haina maji ya moto, usinunue koki ya miksa kwa ajili ya urembo. Ina mirija miwili. Ukiunganisha mmoja tu na kuuacha wa pili wazi, siku utakapoweka mpini katikati maji ya baridi yatarudi kupitia ule mrija wa pili na kumwagika chini ya sinki. Nimekuta kabati la jikoni limeoza kwa sababu hiyo hiyo. Kama umeshanunua, ule mrija wa maji ya moto uzibe kwa kizibo cha nyuzi, usiukunje na kuufunga kwa kamba.

## Hatua ya 3: Anza na duka la vipuri, siyo duka la koki

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Duka la koki mpya na duka la vipuri mara nyingi si duka moja. Koki zinazong'aa zinapangwa ukutani. Washa, spindo, katriji na raba za choo hukaa kwenye makopo na mifuko, kwa wauzaji wadogo wa vifaa vya bomba walio karibu na soko. Mbeya naanzia Mwanjelwa na SIDO, Iringa naanzia maduka ya vifaa yaliyo karibu na soko kuu. Ukiwa Makete au kijiji cha Rungwe, duka lako la vipuri ni lile unaloweza kufika na kurudi siku moja, si la mjini.

Nenda bila kununua kitu. Uliza maswali mawili:

1. "Washa za koki ya nusu inchi mnazo? Naomba nizione."
2. "Katriji na vichwa vya vigae mnavyo vya aina gani? Naomba kimoja kimoja nikipime."

Swali la kwanza karibu kila mahali jibu ni ndiyo, maana washa ya nusu inchi ni moja kwa koki nyingi mno. Angalia tu isiwe ile ya robo tatu, ambayo ni kubwa zaidi, na raba yake isiwe na nyufa ukiikunja.

Swali la pili ndilo linaloamua. Vichwa vya vigae vya koki ya robo mzunguko vinafanana machoni lakini haviingiliani. Pima vitu vinne: nyuzi zinazoingia kwenye mwili wa koki, urefu kutoka kwenye kola hadi chini, idadi ya meno ya spindo pale mpini unapokaa (mara nyingi ni 20 au 24), na upande wa kufunga. Kwenye koki za pea, ya moto na ya baridi, kimoja hufunga kwa kulia na kingine kwa kushoto. Ukikosea, mpini utafanya kazi kinyumenyume. Kwa miksa ya mpini mmoja, pima kipenyo cha katriji: zinazopatikana zaidi ni za milimita 35 na milimita 40. Geuza chini pia uone vijipini vidogo vya kuikalisha vimekaa wapi.

Andika vipimo vya zile zilizopo dukani. Sasa ndiyo uende duka la koki. Ukimwona muuzaji, mwombe akufungulie kichwa cha ile unayoitaka ulinganishe. Wako wanaokataa. Mimi mtu akikataa nisione ndani, nanunua kwingine, na ninakushauri hivyo hivyo.

Kule Uyole mama aliniuliza, "Sasa baba, kama koki ni nzuri kutoka Dar, si itadumu tu?" Nikamjibu, "Mama, hata iliyo nzuri ina raba ndani, na raba inachoka. Siku ikichoka utaifuata Dar?" Akairudisha dukani ile miksa ya jikoni ambayo katriji yake hatukuipata kwenye maduka saba. Tukachukua nyingine ya milimita 35, na papo hapo tukanunua katriji ya akiba.

Ukifanikiwa: kabla hujalipia koki, kifaa chake cha ndani cha akiba kimo mfukoni mwako, na umehakikisha kinaingia.

## Hatua ya 4: Pima mali iliyotengenezea koki

Kromu inayong'aa hufunika kila kitu, hivyo usihukumu kwa mng'ao. Mwili wa koki unaweza kuwa wa shaba ya njano, ambayo madukani tunaiita brasi, wa mchanganyiko wa zinki, wa stenlesi, au wa plastiki.

Anza na sumaku. Ikinasa kwa nguvu kwenye mwili, ndani kuna chuma cha kawaida na kitashika kutu, rudisha. Isiponasa usishangilie bado, kwa sababu brasi na zinki zote mbili hazivutwi na sumaku. Watu wengi huishia hapo na kudanganyika.

Kinachotenganisha ni msumari. Geuza koki, tafuta mahali pasipoonekana ndani ya tundu la kuingilia maji, omba ruhusa, ukwaruze kidogo. Brasi itaonyesha njano. Zinki itaonyesha kijivu cheupe. Kwaruza ndani ya mwili wenyewe, usiishie kwenye nyuzi, maana zipo koki za zinki zilizofungwa kipande cha brasi kwenye nyuzi tu. Kisha zipime mkononi mbili za umbo moja: brasi ni nzito kuliko zinki, na plastiki utaijua mara moja.

Kwa nini nasisitiza hivi? Zinki inavunjika. Siku utakapoikaza kwenye bomba, au mtoto atakapoitundikia ndoo, shingo yake hukatika kwenye nyuzi na kipande kinabaki ndani ya ukuta. Ikikaa na maji miaka kadhaa, nyuzi zake hufanya unga mweupe na kichwa hakifunguki tena kubadilishiwa washa. Mpini wa zinki hauna neno, hata koki nzuri huwa nao. Mwili uwe brasi.

Stenlesi ni nzuri pia, hasa kwa sinki la jikoni, ila kichwa chake kipite kwenye kipimo cha Hatua ya 3. Plastiki siikatai. Haishiki kutu, haiibiwi na wauza chuma chakavu, na bei yake ni ndogo. Ifunge mahali pa kivuli pasipo na maji ya moto, kwa mkono tu bila spana, ukijua kwamba jua la kiangazi litaikausha mpaka ipasuke. Kwenye koki ya shule au ya kanisa inayoibiwa kila mara, plastiki ni uamuzi wa busara kabisa.

## Hatua ya 5: Tanki la choo

Koki inayodondosha unaiona. Choo kinachovuja hakionekani, na hicho ndicho kinachomaliza simtanki usiku. Hebu piga hesabu: bilauri moja ya mililita 250 kwa saa ni lita 6 kwa siku, lita 180 kwa mwezi. Choo kinachotiririka kidogo hupita hapo mara nyingi.

Ndani ya tanki kuna vifaa viwili tofauti. Kimoja huingiza maji, kingine huyaachia. Nunua kila kimoja kwa sababu zake.

Kifaa cha kuingiza maji (boya). Angalia kwanza bomba linaingia tanki kwa ubavuni au kwa chini. Vifaa vyake haviingiliani. Kisha angalia presha. Boya za aina ya mkono na mpira wa kuelea zina kipuli cha plastiki chenye tundu: tundu dogo ni la presha kubwa, tundu kubwa ni la presha ndogo ya simtanki. Ukiweka la tundu dogo kwenye simtanki, tanki la choo linachukua robo saa kujaa. Ukiweka la tundu kubwa kwenye bomba la mamlaka, boya haliwezi kuzuia maji usiku presha inapopanda, na unasikia yanatiririka kwenye bomba la ziada, lile linalotoa maji yanayozidi kiwango cha tanki.

Ile ya mkono ina washa ndogo inayouzwa karibu kila duka la vipuri. Ile ya kisasa, iliyosimama kama mnara mwembamba, ni kimya na inajaza haraka, lakini raba yake iliyo chini ya kifuniko cha juu hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Usiinunue kabla hujaiona hiyo raba ikiuzwa peke yake. Ukishaifunga, safisha kijichujio chake cha chini kila mvua zikianza.

Kifaa cha kuachia maji. Hapa wengi wanachagua kwa kutazama vitufe viwili vya kromu juu ya kifuniko. Vitufe vile vinanyanyua valvu inayokalia raba chini ya tanki. Raba ikichoka, au chembe ikikaa chini yake, maji yanavuja polepole bila sauti, mchana na usiku.

Saifoni, ile ya mpini wa pembeni, inafanya kazi kwa njia nyingine. Maji lazima yanyanyuliwe juu ya kona ya bomba lake ndipo yatoke, kwa hiyo yenyewe haivujishi maji kimya kimya kupitia raba. Inapochakaa hukujulisha: unavuta mara mbili tatu ndipo inakubali. Kinachokuwa kimechanika ni karatasi ya plastiki iliyo ndani, na fundi yeyote anaweza kukata nyingine kwenye plastiki ngumu kwa kufuatisha ile ya zamani. Hakuna kipuri kinachopatikana karibu kuliko hicho.

Kwa nyumba ya wapangaji, ambako mwenye nyumba haingii chooni kila siku kusikiliza, mimi nafunga saifoni. Kwa choo cha ndani cha kukalia ambacho tanki lake limekuja na vitufe viwili, sibadilishi, lakini nanunua raba ya akiba ya kipimo hicho siku hiyo hiyo. Ile ya kifuniko cha raba kinachonyanyuliwa kwa mnyororo iko katikati: inavuja kama ya vitufe, ila raba yake ni rahisi kupatikana. Pima tundu tu, lipo la inchi 2 na la inchi 3.

Mambo madogo matatu ambayo usiyaache. Skrubu zinazofunga tanki kwenye choo ziwe za brasi au stenlesi; za chuma hushika kutu na siku ya kufungua utavunja kauri. Raba nene iliyo kati ya tanki na choo ipimwe na ile ya zamani. Na kila choo kiwe na engo valvu yake ukutani, ili siku ya kubadilisha washa usifunge maji ya nyumba nzima.

## Hatua ya 6: Funga, kisha uyaulize maji

Kabla ya kufunga koki mpya, fungua bomba tupu limwage maji kwenye ndoo kwa dakika moja. Vipande vya tepu, vumbi la kukata bomba na mchanga vikitoka hapo, havitaingia kwenye vigae. Fundi anayeruka hatua hii ndiye anayeua katriji siku ya kwanza.

Tepu nyeupe ya nyuzi izungushwe kufuata upande wa kukazia, mizunguko 8 hadi 12 kulingana na ulegevu wa nyuzi. Kwenye nati ya mrija wa kunyumbulika usiweke tepu: kinachozuia maji pale ni raba bapa iliyo ndani ya nati. Kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana. Ukikaza zaidi raba inapasuka, na kama nati ni ya zinki inaachia usiku wa manane.

Sasa pima. Kwa koki, funga kawaida bila nguvu, pangusa, weka karatasi ya choo kavu chini ya mdomo na kuzunguka spindo, ukae dakika 10. Ikibaki kavu, vizuri. Ikilowa kwenye mdomo, tatizo ni washa au katriji. Ikilowa kwenye spindo unapofungua maji, ni oringi, yaani pete ya raba inayozunguka spindo.

Kwa choo, subiri tanki lijae, tia rangi ya chakula au kahawa iliyokolezwa ndani ya tanki, usivute maji kwa dakika 30. Rangi ikionekana kwenye bakuli la choo na maji ya tanki yako chini ya ukingo wa bomba la ziada, kifaa cha kuachia maji kinavuja. Maji yakiwa kwenye ukingo wa bomba la ziada, boya ndilo halifungi. Rudia kipimo hiki usiku kama choo kinatumia bomba la mamlaka, kwa sababu presha ya usiku ndiyo inayofichua boya dhaifu.

Uyole choo kimoja kilifeli kipimo cha usiku. Boya lilikuwa jipya, ila kipuli kilikuwa cha tundu kubwa. Tuliweka cha tundu dogo, tukatia kahawa tena, asubuhi bakuli lilikuwa safi.

Vile vya akiba tulivitia kwenye kopo la maziwa ya unga: washa sita za nusu inchi, katriji moja ya milimita 35, oringi tatu, washa mbili za boya, raba moja ya tundu la inchi 2 na kipande cha plastiki ngumu cha saifoni. Ndani ya kifuniko tuliandika kwa kalamu ya wino mzito jina la kila kifaa na koki au choo kinachokitumia, kisha kopo tukalifunga kwa waya kwenye bomba chini ya sinki la jikoni, ili hata fundi mwingine akija alikute.